Usimwache Nyanya Gizani: Namna ya Kufunga Hotuba kwa Kisa Ulichoanza Nacho

Mhariri aliniomba niandike jambo moja nililojifunza katika Chama cha Kiswahili mwaka uliopita. Nikafikiri methali, nikafikiri ngeli, lakini mwishowe nikaona heri niseme ukweli: jambo nililojifunza zaidi nilifundishwa jikoni, na mama mmoja mpishi, nikiwa nimeshika sahani ya wali mkononi.

Siku hiyo tulikuwa tumealikwa na shule jirani kwa mashindano ya hotuba. Kila msemaji alipewa dakika 7. Mada yangu ilikuwa binadamu na ndovu, mada ambayo mtu wa Voi hahitaji kutafutiwa mbali. Nilianza kwa kisa cha nyanya yangu wa Sagalla, jinsi alivyotoka usiku na debe kwenda kufukuza ndovu shambani. Ukumbi wote ukanyamaza kimya. Nikaona mambo yameiva. Nikaingia katika hoja zangu: hoja ya kwanza, ya pili, na nikiwa katikati ya hoja ya tatu, kengele ikalia. Nikababaika. Nikasema, "Kwa hayo machache, asanteni," nikarudi kitini. Walipiga makofi, lakini yalikuwa makofi ya adabu tu.

Wakati wa chakula nikapanga foleni kama wengine. Mama mpishi alipofika kwangu aliinua upawa, akaniangalia usoni, akaniuliza, "Wee mwanangu, na yule nyanya je? Akarudi nyumbani ama ndovu walimkanyaga?"

Nilishikwa na butwaa. Mama huyu alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi akisikiliza. Katika hoja zangu zote hakukumbuka hata moja. Alikuwa amemshika nyanya, akamngojea dakika 7 nzima, nami nikamwacha nyanya amesimama gizani katikati ya mahindi na debe lake. Nikamjibu, "Alirudi, mama." Akasema, "Basi ungesema." Akanipa wali.

Ndugu msomaji, makala haya ni juu ya hilo neno lake, "ungesema." Nitaeleza jinsi ya kufunga hotuba kwa kurudi katika kisa ulichokianza, ili msikilizaji aone kwamba mwisho umeshikana na mwanzo kama mkanda uliofungwa vizuri kiunoni. Nitatumia hotuba yangu mwenyewe kama mfano, kwanza ilivyoharibika, kisha nilivyoitengeneza.

KISA KILICHOKATWA NI DENI

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba ukimpa msikilizaji kisa nusu, umekopa. Yeye amekukopesha masikio yake, na anangojea kulipwa. Babu zetu walijua hivyo. Mtambaji wa ngano akisema "Paukwa," wasikilizaji wakamjibu "Pakawa," amefungua mlango, na hawezi kuondoka mpaka aseme hadithi yake imeishia hapo. Mtambaji aendaye kulala katikati ya hadithi, watoto watamfuata hadi kitandani.

Lakini kuna tofauti moja kati ya ngano na hotuba. Katika ngano, kisa ndicho chakula chenyewe. Katika hotuba, kisa ni sahani, chakula ni hoja. Kwa hiyo mtoa hotuba anakigawa kisa vipande viwili: kikubwa anakiweka mwanzoni, kidogo anakiweka mwishoni, na katikati anatia hoja. Kile kipande cha mwisho ndicho kinachomfanya msikilizaji aseme moyoni, "Ahaa, kumbe ndiyo sababu alianza pale."

Wengine wataniambia, hii si kama kibwagizo cha shairi? Hapana, si sawasawa. Kibwagizo kinarudi kila ubeti kwa maneno yale yale, na uzuri wake ni huko kurudi bila kubadilika. Kisa cha hotuba kinarudi mara moja tu, na kinaporudi lazima kiwe kimebadilika maana. Maneno machache yanabaki yale yale, lakini msikilizaji anayasikia kwa masikio mapya, kwa sababu sasa ana hoja zako kichwani. Kama maana ni ile ile ya mwanzo, basi umekariri tu, nao watu wataanza kupiga miayo.

HOTUBA YA OSLO

Kabla sijarudi kwa nyanya, nataka tutazame hotuba moja kubwa ya Mkenya mwenzetu. Tarehe 10 Desemba 2004, mjini Oslo, Norwei, Profesa Wangari Maathai alipokea Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Kama kawaida ya tuzo hiyo, alitoa hotuba.

Mapema katika hotuba ile alitaja kwa maneno machache tu kwamba sehemu ya msukumo wake ilitoka utotoni, kwa mambo aliyoyaona katika maumbile ya mashambani Kenya, na jinsi misitu ilivyofyekwa. Hakukaa hapo. Aliendelea na kazi ya kupanda miti aliyoianzisha mwaka 1977, akaeleza kwa nini akina mama walikosa kuni, maji safi na chakula bora, na jinsi mazingira, utawala bora na amani vinavyoshikana. Hizo ni hoja nzito, na msikilizaji angeweza kutoka pale na kichwa kilichojaa mawazo matupu yasiyoshikika.

Ndipo alipofika mwisho, akarudi utotoni. Safari hii aliufungua mlango wote. Alisimulia kijito kilichokuwa karibu na kwao, ambako alikwenda kumtekea mama yake maji na kuyanywa moja kwa moja mtoni. Akicheza katikati ya majani ya nduma, alijaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga, yakawa yanakatika kila akiyashika. Baadaye akaona viluwiluwi wengi wakiogelea. Kisha akasema kwamba zaidi ya miaka 50 baadaye kijito kimekauka, akina mama wanatembea mbali kutafuta maji ambayo hata si safi siku zote, na watoto hawatajua kamwe walichokipoteza. Kazi iliyobaki, alisema, ni kuwarudishia viluwiluwi makao yao.

Angalia alivyofanya. Hakuanza kwa kisa kizima. Mwanzoni alipanda mbegu tu, neno la utotoni. Mwishoni mbegu ikaota. Angalia pia kwamba kijito kile hakikuja kama pambo. Kilibeba hoja zake zote: misitu iliyofyekwa, maji yaliyopotea, akina mama wanaotembea mbali. Mtu ambaye hakusikia sehemu ya katikati angedhani ni kumbukumbu tamu ya mtoto na vyura. Aliyesikiliza yote alielewa kwa nini kijito kilikauka.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Unaweza kuweka mbegu mwanzoni na kisa mwishoni, kama yeye. Au unaweza kuweka kisa kikubwa mwanzoni na kipande kidogo mwishoni, kama mimi nilivyotaka kufanya nikashindwa. Kwa mwanafunzi njia ya pili ni rahisi zaidi, kwa sababu kisa cha mwanzo kinamsaidia kushika ukumbi mapema.

NYANYA ANARUDI

Baada ya yale mashindano, mwalimu mlezi wa chama chetu aliniambia nitoe hotuba ile ile Siku ya Wazazi. Nikaona nafasi ya kulipa deni. Lakini safari hii palikuwa na jambo jingine: nyanya mwenyewe angekuwepo.

Jumamosi moja nikaenda kwake. Nikamwambia kwamba nimekuwa nikisimulia kisa chake, nikamsomea mwanzo wangu. Alisikiliza akichambua maharagwe. Nilipomaliza akauliza, "Umeishia hapo?" Nikasema ndiyo, kengele ililia. Akacheka, kisha akanyamaza. Akasema, "Mjukuu wangu, umeniacha nje usiku. Watu wakinikumbuka, watanikumbuka nimesimama pale nikiogopa. Mimi sikukaa pale."

Nikamwomba anieleze mambo yalivyoendelea, na nikagundua kitu cha aibu: mimi mwenyewe sikuwa najua mwisho wa kisa changu. Nilikuwa nimekisikia nusu kwa mjomba, nikaona kinatosha kutisha watu. Basi hili liwe somo la kwanza kwa atakayejaribu njia hii. Usianze kisa ambacho hujui kinaishia wapi, na usikibunie mwisho. Nenda kwa mwenyewe ukaulize, na uombe ruhusa.

Hivi ndivyo nilivyoandika mwanzo upya, baada ya kuzungumza naye:

"Usiku mmoja wa Januari, huko Sagalla, nyanya yangu alisikia mahindi yakivunjika. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Alichukua debe lake na kipande cha chuma, akatoka nje. Kila mwaka ilikuwa hivyo: unapiga debe, ndovu wanaondoka. Alipiga. Hawakuondoka. Alipiga tena kwa nguvu, hadi debe likabonyea ubavuni. Ndovu mmoja akageuka, akamtazama, akaendelea kula. Nyanya akainua mkono apige mara ya tatu. Mkono ukabaki juu. Mabibi na mabwana, kwa nini hakupiga?"

Nisomeni vizuri hapo. Kisa kimekatwa mahali penye swali, na swali lenyewe si "alipona?" bali ni "kwa nini hakupiga?" Katika hotuba ya kwanza nilikata mahali pa hatari, na mama mpishi akakaa dakika zote akiogopa. Hofu ya namna hiyo inaziba masikio. Mtu anayeogopa kwamba nyanya atakanyagwa hawezi kusikiliza habari za sheria. Bora ukate mahali penye kumfanya msikilizaji afikirie, na swali lake lijibiwe na hoja zako.

Tena angalia kuna kitu kimoja cha kushikika: debe. Lina alama yake, limebonyea ubavuni. Kila kisa cha namna hii kinataka kitu kimoja, kinachoonekana, ambacho watu wa hapa wanakijua. Kikiwa viwili au vitatu, msikilizaji hajui ashike kipi. Mimi mwanzoni nilikuwa na debe, tochi, mbwa na kanga ya nyanya iliyochanika. Nikaviondoa vyote, nikabakiza debe.

KATIKATI: KISA KIKAE KIMYA, LAKINI KISIFE

Sehemu ya katikati ilikuwa na hoja tatu, nami nitazipitia kwa ufupi ili muone zinavyofanya kazi.

Hoja ya kwanza ilikuwa ni kwa nini tunakutana na ndovu kila mara. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na leo mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi zinachukua takribani asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta. Sisi na mashamba yetu tumo katika kipande kilichobaki, na ndovu hatambui mpaka uliochorwa kwenye ramani. Hoja ya pili ilikuwa kwamba ndovu hujifunza. Kelele ambayo haimdhuru ataizoea, iwe ni debe au ni makelele ya watu. Hapo nikalitaja debe kwa sentensi moja tu: "Debe lililomfukuza mama yake, huyu amelizoea." Sikusema zaidi.

Hoja ya tatu ilikuwa nyuki. Watafiti waligundua kwamba ndovu wakisikia sauti ya nyuki waliochokozwa hukimbia, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007. Huko Sagalla kwa zaidi ya miaka 10 wakulima wamekuwa wakizungushia mashamba ua wa mizinga. Mizinga inaning'inizwa kila baada ya mita 10, mmoja wa kweli na mwingine wa bandia kwa zamu, na yote inaunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Lakini nikaeleza na udhaifu wake: kiangazi kikiwa kikali maua hukosekana, maji hukauka, na nyuki huhama. Mzinga usio na nyuki ni sanduku tu. Kwa hiyo mkulima lazima awawekee nyuki maji karibu na mizinga.

Hiyo habari ya maji ilikuwa ndogo, sekunde chache, lakini ndiyo iliyokuwa inaandaa mwisho. Kama nisingeiweka pale, mwisho usingeeleweka. Mtajionea.

MWISHO

Baada ya hoja ya tatu sikusema "kwa kumalizia" wala "kama nilivyotangulia kusema." Maneno hayo ni kama kumwonyesha mtu zawadi kabla ya kuifungua. Nilinyamaza nikahesabu moja hadi tatu moyoni, kisha nikasema hivi:

"Mkono wa nyanya ulibaki juu kwa sababu aliona ndovu hasikii tena. Akalishusha debe, akaingia ndani, akafunga mlango. Asubuhi hapakuwa na hata bua moja. Debe lile analo mpaka leo. Limebonyea ubavuni vile vile. Liko chini ya mti, kando ya mizinga yake, na kila asubuhi analijaza maji na kutia vijiti juu yake ili nyuki wasizame. Zamani debe lilikuwa la kufukuza. Siku hizi ni la kukaribisha."

Nikainamisha kichwa, nikaenda kuketi.

Sasa tupime. Maneno "mkono," "debe" na "limebonyea ubavuni" yamerudi kama yalivyokuwa. Hayo ndiyo yanayomwambia msikilizaji kwamba tumerudi nyumbani, bila mimi kumwambia. Swali la mwanzo limejibiwa, na jibu lake linatokana na hoja ya pili, kwamba ndovu hujifunza. Kisha debe limepata kazi mpya, na kazi hiyo inatokana na hoja ya tatu. Hakuna hoja mpya niliyoiingiza. Hakuna takwimu. Hata ushauri sikutoa, maana debe limekwisha kuutoa.

Kuna kipimo ninachokitumia tangu siku hiyo, na nawaomba mkijaribu. Mchukue rafiki, msomee mwanzo na mwisho tu, uruke katikati. Akielewa mwisho barabara, una shida: maana yake hoja zako hazikufanya kazi yoyote, kisa kingeweza kusimama peke yake. Nilipomfanyia hivyo mwenzangu wa bwenini, aliniuliza, "Nyuki wametoka wapi tena?" Nikafurahi sana. Kisha msomee rafiki mwingine katikati na mwisho tu, uruke mwanzo. Akiguswa na mwisho kama kawaida, basi mwanzo wako haukuwa na kazi. Mwisho mzuri unavihitaji vyote viwili.

SAA NA KENGELE

Hapa ndipo nilipoangukia mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilijipima kwa saa ya mwenzangu nikaona nikizungumza polepole, kwa sauti ya ukumbini, natoa maneno kama 100 kwa dakika. Kiswahili kina maneno marefu, usijidanganye kwa kuhesabu kama mtangazaji wa mpira. Dakika 7 basi ni maneno 700. Mwanzo wangu nikaupa dakika moja, mwisho wangu nikaupa dakika moja pia pamoja na kunyamaza. Zikabaki dakika 5 za hoja, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hotuba yangu ya kwanza ilikuwa na hoja za dakika 8. Hata bila kubabaika, nyanya hangeweza kurudi.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, andika mwisho mara baada ya kuandika mwanzo, kabla hujaandika hoja. Ukishaona mwanzo na mwisho vimesimama kama nguzo mbili za goli, utajua hoja zipi zinapita katikati na zipi zinatoka nje. Mimi nilikuwa na hoja nzuri kuhusu fidia, kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Ni habari muhimu, lakini haikuelekea kwenye debe. Nikaitoa, nikaiwekea hotuba nyingine.

Dawa ya pili, ujue mwisho kwa moyo kuliko sehemu yoyote nyingine, na ujue mahali pa kuruka. Kengele ya onyo ikilia ukiwa hoja ya pili, maliza sentensi yako, sema habari za nyuki na maji kwa sentensi mbili, kisha ingia mwisho. Wasikilizaji hawana nakala ya hotuba yako. Hawatajua uliacha nini. Lakini ukiacha mwisho, hata mpishi atajua.

MAKOSA NILIYOYAONA

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza hotuba za wenzangu kwa sikio jingine, na mwalimu mlezi ametupa nafasi ya kukosoana siku za mikutano ya chama. Makosa yanayorudi ni matatu.

La kwanza ni kukisimulia kisa upya chote. Mwenzetu mmoja alianza kwa kisa cha utingo wa matatu ya kwenda Wundanyi aliyerudisha pochi ya abiria. Mwishoni akakirudia tangu kituo cha Voi hadi juu mlimani, kona baada ya kona. Kisa kilikuwa kizuri, lakini tulikuwa tumekwisha kupanda matatu hiyo. Sentensi nne au tano zinatosha kurudi.

La pili ni kisa kisichohusiana na hoja. Mtu anaanza kwa kichekesho cha fisi, anazungumzia usafi wa meno, anamaliza kwa fisi. Mwanzo na mwisho vimekutana, naam, lakini katikati hapana. Watu watacheka, kisha watatoka wakisema habari za fisi.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ni tabia yetu sote. Mtu amefunga vizuri, ukumbi umetulia, naye anaongeza, "Basi kwa hayo machache naomba niishie hapo, ahsanteni sana, Mungu awabariki, na pia nimshukuru mwalimu..." Lile tone la mwisho linafutwa palepale. Kama una shukrani, na adabu yetu inataka shukrani, ziweke mwanzoni kabisa kabla ya kisa. Ukishafunga mlango, usirudi kuchukua kofia.

Tena si kila hotuba inataka njia hii. Ukipewa dakika mbili za kumshukuru mgeni, mshukuru uketi. Ukiwa msemaji wa mwisho katika mjadala, kazi yako ni kuwajibu wapinzani, na kisa ulichokipanga nyumbani kinaweza kukufanya kiziwi kwa yale waliyosema. Na kwenye msiba, tafadhali, usimkate marehemu katikati ya kisa ili watu wangojee. Pale watu hawahitaji kungojeshwa.

SIKU YA WAZAZI

Mtataka kujua ilikuwaje. Nyanya aliketi safu ya tatu na kanga yake mpya. Nilipofika pale mkono ulipobaki juu, niliwaona akina mama kadhaa wakimgeukia yeye, maana walimjua. Yeye akawa anatazama mbele tu. Nilipita hoja zangu. Kengele ya onyo ililia nikiwa nimeanza habari za maji ya nyuki, nikaona nina dakika yangu moja kamili. Nikanyamaza, nikahesabu moja hadi tatu, nikamrudisha nyumbani.

Makofi hayakuja mara moja. Kulikuwa na kimya kidogo kwanza, kisha yakaja. Mzee mmoja wa Kasigau alinishika mkono baadaye akaniuliza vijiti vile vya kuzuia nyuki wasizame ni vya mti gani, nami nikamwelekeza kwa nyanya mwenyewe, wakaongea mpaka basi likataka kuondoka.

Sikuwa na nafasi ya kumwuliza nyanya alionaje. Alipokuwa akipanda gari alinivuta sikio kidogo, kama afanyavyo, akasema, "Leo umenifungia mlango vizuri." Nikamsaidia mzigo wake.

Juma lililofuata nilikwenda tena shule ile jirani, kwa mechi ya mpira wa wavu. Wakati wa chakula nikapanga foleni. Mama mpishi akanitambua. Kabla hajauliza nikamwambia, "Mama, yule nyanya aliingia ndani akafunga mlango. Mahindi yaliisha yote. Lakini debe bado analo." Akaweka upawa chini kabisa, akasema, "Haya, niambie. Analifanyia nini?"